Enalaprili iliyogoma: kisa cha mama lishe na presha ya 168/102

Mama lishe wa miaka 53 kutoka Tanga anafika kliniki na daftari lake la matibabu na kimkoba cha dawa. Miezi minne nyuma zahanati ilimkuta na presha ya 174/106, ikamwanzishia enalaprili miligramu 5 mara moja kwa siku. Mwezi uliofuata ilikuwa 170/104, dozi ikapandishwa hadi 10. Baadaye ikawa 10 asubuhi na 10 jioni, na kwenye hiyo 20 kwa siku amekaa miezi miwili. Leo mashine ya mapokezi imesoma 176/106. Daftarini, kwa wino mwekundu, kumeandikwa: "Hanywi dawa. Aelimishwe."

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia kwa nini baadhi ya dawa za presha, zikipewa peke yake, kwa wastani hushusha kidogo kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na namba zake ni za aina inayoonekana kliniki za presha karibu kila wiki. Hicho kilichoandikwa kwa wino mwekundu nacho huonekana kila wiki, na mara nyingi si kweli. Kabla ya kuuliza dawa gani ibadilishwe, kuna mambo matatu ya kuhakikisha, na hayachukui hata nusu saa.

La kwanza ni kipimo chenyewe. Mama huyu ana kilo 78 na urefu wa sentimita 158. Mkono wake wa juu, ukizungushiwa futi kamba katikati ya bega na kiwiko, ni sentimita 35. Mkanda wa kawaida wa mashine ya presha hutengenezewa mikono ya sentimita 22 hadi 32, na ukifungwa kwenye mkono mnene kupita hapo unasoma juu kuliko presha ilivyo. Isitoshe, mapokezi alipimwa dakika mbili tu baada ya kushuka kwenye bodaboda, huku akijibu maswali. Akapelekwa chumba cha ndani, akakaa dakika tano ameegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kimya. Kwa mkanda mkubwa mashine ikasoma 168/102, na baada ya dakika moja 166/100. Bado ni presha ya juu, ila uongo wa zile namba nane umeondoka. Kwa mtu aliye kwenye 146 au 147, namba nane kama hizo ndizo zinazoamua kama anaongezewa kidonge asichokihitaji.

La pili ni kama dawa inanywewa. Njia bora ya kulijua hilo ni kuuliza bila kushutumu, kisha kuhesabu.

"Shikamoo mama. Naomba nione hizo dawa zako."

"Marahaba mwanangu. Hizi hapa. Wanasema sinywi, wallahi sijaruka hata siku moja."

Alipewa vidonge 60 vya miligramu 10 siku 28 zilizopita. Kwenye pakiti vimebaki vinne. Vidonge viwili kwa siku mara siku 28 ni 56, kwa hiyo hesabu inakubali mpaka kidonge cha mwisho. Kuhesabu vidonge si ushahidi kamili, maana mtu anaweza kuvitupa, lakini mtu anayetupa vidonge hakohoi. Na mama huyu anakohoa: kikohozi kikavu cha kukereketa kooni, kilichoanza wiki chache baada ya dawa. Ameshapewa antibayotiki mara mbili, na makohozi yake yamepimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Kikohozi cha aina hiyo ni alama nzuri kuliko hesabu yoyote kwamba enalaprili inafika mwilini na inafanya kazi yake. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haishushi presha yake kama ilivyotarajiwa.

La tatu ni vitu vingine anavyotumia. Akiulizwa kama ana dawa nyingine atasema hana. Akiulizwa akiumwa magoti anafanya nini, anasema: "Nanunua diklofenaki dukani, ile ya hamsini. Wiki hii nimekunywa mbili, au tatu." Dawa za jamii hiyo huzuia figo kutoa chumvi na hupunguza makali ya enalaprili. Hilo likaandikwa pembeni, kwa sababu hapo mbele litavuruga hesabu za nani alishusha presha.

Vipimo vya maabara vilitoka hivi: potasiamu milimoli 3.9 kwa lita, kreatinini mikromoli 76, sukari kabla ya kula 5.8, na mkojo hauna protini. Hana kisukari, moyo haujashindwa, figo ni nzima. Hedhi ilikoma miaka miwili iliyopita. Kila moja ya taarifa hizi ingeweza kugeuza uamuzi, na kwa mgonjwa huyu hakuna hata moja inayougeuza.

Kwa nini enalaprili peke yake ilipwaya

Figo huchunguza muda wote kama mwili una chumvi na maji ya kutosha. Zikiona upungufu hutoa renini. Renini huanzisha mnyororo unaoishia kwenye anjiotensini ya pili, kemikali inayobana mishipa ya damu na kuiamuru tezi iliyo juu ya figo itoe aldosteroni, nayo aldosteroni huziambia figo zisiachie chumvi. Dawa zinazoishia na "prili", yaani enalaprili, kaptoprili, lisinoprili na perindoprili, hukata mnyororo huo katikati kwa kukizuia kimeng'enya kinachotengeneza anjiotensini ya pili. Zile za "sartani", kama losartani na telmisartani, huacha anjiotensini itengenezwe lakini huiwekea kizuizi mlangoni isiingie kazini.

Sasa fikiria mtu ambaye figo zake kwa asili zinashika chumvi kwa nguvu. Chumvi inavuta maji, damu inajaa mishipani, presha inapanda, na figo zikiona kila kitu kimejaa zinapunguza renini. Presha yake imepanda huku mnyororo wa renini ukiwa karibu umelala. Kumpa mtu huyo prili peke yake ni kuweka kizuizi kwenye barabara isiyopita magari. Kizuizi kipo na kinafanya kazi, ila hakuna cha kuzuia. Na kuipandisha dozi kutoka 5 hadi 10 hadi 20 ni kuongeza askari kwenye barabara hiyo hiyo tupu.

Presha ya renini ndogo huonekana kwa watu wa kila asili, hasa wakizeeka. Lakini kwa wastani huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, na hapo ndipo ilipo tofauti ya dawa inayozungumzwa. Sehemu yake ni ya kurithi: zipo tofauti za jeni zinazofanya milango ya chumvi iliyo mwishoni mwa mirija ya figo ibaki wazi kuliko kawaida. Sehemu nyingine ni sahani. Mama lishe anaonja mchuzi tangu alfajiri, anapika ng'onda na papa wa chumvi, na kwenye kila sufuria anavunja vidonge vya kukolezea. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja cha msawazo kwa vyakula vyote vya siku nzima. Yeye huvuka kiwango hicho kabla ya saa sita mchana.

Uzito wa mazingira ulionekana vizuri Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliofuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi. Hao walikuwa na damu na ukoo mmoja na ndugu zao waliobaki nyumbani. Hata hivyo presha ya waliohama ilianza kuwa juu mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi ikilinganishwa na potasiamu kuliko wa waliobaki. Asili haikubadilika ndani ya basi la kwenda Nairobi. Kwa hiyo mtu akisema "ni damu yetu", ana nusu ya jibu tu.

Dawa mbili ambazo hazisubiri renini

Vizuia kalsiamu, ambavyo amlodipini ndiyo maarufu, hufanya kazi kwenye ukuta wa mshipa wenyewe. Msuli wa mshipa unahitaji kalsiamu iingie ndani ili ujikaze, na amlodipini hufunga mlango huo. Haijali kama renini ni nyingi au haipo kabisa. Dawa za kukojoza za jamii ya thayazaidi, kama haidroklorothayazaidi, indapamidi na klorthalidoni, huenda moja kwa moja kwenye chanzo: huzifanya figo ziachie chumvi. Wiki za mwanzo hupunguza maji yaliyojaa mishipani, na baadaye mishipa yenyewe hulegea. Kwa mtu ambaye kosa lake ni chumvi iliyoshikiliwa, hiyo ni dawa ya kosa lenyewe.

Ushahidi mkubwa wa mwanzo ulitoka Marekani mwaka 2002, katika utafiti uitwao ALLHAT. Ulikuwa na watu zaidi ya 33,000, na takriban theluthi yao walikuwa weusi. Miongoni mwao, walioanzishiwa lisinoprili walibaki na presha ya juu kwa wastani wa namba 4 kuliko walioanzishiwa klorthalidoni, na walipata kiharusi kwa kiwango kilichozidi kwa asilimia 40. Matokeo hayo yalinukuliwa sana, na watu wengi wakatoka nayo na somo moja: mtu mweusi asipewe prili.

Somo hilo linaruka kipande muhimu. Kwa waliokuwa kwenye lisinoprili na presha haishuki, mpango wa utafiti ulielekeza waongezewe atenololi, klonidini au reserpini. Haukuelekeza waongezewe dawa ya kukojoza wala kizuia kalsiamu, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa zinalinganishwa. Kwa hiyo ALLHAT ilipima prili bila wenzake wa kawaida. Hicho ndicho hasa kilichompata mama wa Tanga, ila kwake hakuna utafiti uliomlazimisha mtu. Ilipandishwa tu dozi.

Swali la jozi gani inafaa lilijibiwa Afrika kwenyewe, mwaka 2019, na utafiti wa CREOLE. Wagonjwa 728 weusi wa nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, waligawanywa kwenye jozi tatu: amlodipini na haidroklorothayazaidi, amlodipini na perindoprili, au perindoprili na haidroklorothayazaidi. Presha ilipimwa kwa mashine inayovaliwa saa 24, si kwa kipimo kimoja cha asubuhi. Baada ya miezi sita jozi mbili zenye amlodipini zilikuwa sawa, na kila moja ilishusha presha ya juu kwa takriban namba 3 zaidi ya ile isiyo na amlodipini.

Msomaji makini atasimama kwenye jozi ya pili. Amlodipini na perindoprili ililingana na amlodipini na dawa ya kukojoza, ingawa ina prili ndani yake. Prili ambayo ingepwaya ikiwa peke yake ilijitosheleza ilipopewa mwenzake. Hapo ndipo somo la "usimpe mtu mweusi prili" linapoanza kuchanika. Lililo sahihi ni jembamba zaidi: usimwanzishie prili peke yake kama hana sababu maalumu ya kuihitaji.

Alichopewa, na kilichofuata

Enalaprili ikasimamishwa kwa sababu ya kikohozi. Badala yake akaandikiwa amlodipini miligramu 5 na haidroklorothayazaidi miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, zote mbili asubuhi mara moja. Ndizo dozi za kuanzia za CREOLE. Kuanza na dawa mbili kwa pamoja huwashtua baadhi ya watu, lakini kwa mtu mwenye 168 ni jambo la hesabu. Kuongeza dawa ya kundi lingine hushusha presha karibu mara tano ya kuongeza dozi maradufu ya dawa ile ile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 nao unapendekeza kuanza na makundi mawili, na ikiwezekana ndani ya kidonge kimoja. Kwa mama huyu kidonge kimoja hakikuwepo duka la hospitali, akapewa viwili.

Diklofenaki ikapigwa marufuku na parasetamoli ikachukua nafasi yake. Kwenye chumvi hakuambiwa "punguza chumvi", maana hakuna anayejua hilo linaanzia wapi. Aliambiwa mambo mawili: ng'onda iloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa, na mchuzi ukiwekwa chumvi usiwekewe tena vidonge vya kukolezea.

Wiki nne baadaye presha ilikuwa 150/92. Imeshuka namba 18, na hapo pana ulazima wa kuwa mkweli: haiwezekani kusema zote ni za dawa mpya. Diklofenaki imeondoka, na huenda chumvi nayo imepungua. Kliniki haina anasa ya kubadilisha kitu kimoja kimoja kama maabara, na presha ya 168 haipaswi kusubiri ili tupate jibu safi. Kikohozi kilikuwa kimeisha wiki ya tatu.

Dozi zikapandishwa: amlodipini 10, haidroklorothayazaidi 25. Zaidi ya 25 haiendwi, kwa sababu kutoka hapo presha hushuka kidogo sana huku potasiamu ikiporomoka. Wiki nyingine nne zikapita, presha ikawa 138/86, chini ya lengo la 140/90. Mtu angeweza kufunga jalada hapo. Lakini mama akainua gauni kidogo.

"Mwanangu, viatu haviingii tena. Jioni miguu imekuwa hivi."

Kidole gumba kikibonyezwa juu ya kifundo cha mguu kinaacha shimo, miguu yote miwili. Asubuhi hupungua, jioni hurudi. Hapumui kwa shida, halali akiegemea mito mingi, mishipa ya shingo haijatuna, na mkojo bado hauna protini. Potasiamu imeshuka hadi 3.3.

Makosa mawili hufanyika hapa. La kwanza ni kudhani maji yamejaa mwilini na kuongeza dawa ya kukojoza. Uvimbe huu hautokani na maji kuzidi. Amlodipini hulegeza mishipa midogo inayoleta damu kuliko inavyolegeza ile inayoirudisha, hivyo msukumo ndani ya vimishipa vidogo kabisa unaongezeka na maji yanachuruzika nje kwenye nyama ya mguu. Dawa ya kukojoza haigusi mpango huo, na kwa mgonjwa huyu ingezidi kumnyang'anya potasiamu. Kosa la pili ni kuifuta amlodipini kabisa na kurudi mwanzo.

Kinachofaa ni kurudi kwenye 5, kwa kuwa uvimbe huendana na dozi na kwenye 10 huwa mwingi zaidi, na kuongeza kitu kinacholegeza upande wa pili wa mishipa. Kitu hicho ni prili au sartani. Prili imeshamletea kikohozi, kwa hiyo akapewa losartani miligramu 50 mara moja kwa siku.

Dawa ya mfumo ule ule uliogoma mwezi wa kwanza inarudi kwa mlango wa nyuma, na safari hii mambo yako tofauti. Haidroklorothayazaidi imekuwa ikitoa chumvi kwa wiki nane. Figo zimeona upungufu na zimeanza kutoa renini. Barabara iliyokuwa tupu sasa ina magari, na kizuizi kina kitu cha kuzuia. Kwa maneno mengine, dawa ya kukojoza humgeuza mtu wa renini ndogo kuwa mtu wa renini nyingi kidogo, na hapo sartani hupata kazi. Zaidi ya hayo losartani hupunguza aldosteroni, homoni inayotupa potasiamu kwenye mkojo, kwa hiyo inarudisha kile haidroklorothayazaidi inachopoteza.

Potasiamu na kreatinini zilirudiwa baada ya wiki mbili: 3.9 na 82. Kreatinini kupanda kidogo baada ya kuanza sartani ni kawaida, na hadi asilimia 30 juu ya kipimo cha mwanzo huvumiliwa. Ikipita hapo dawa husimamishwa na figo huchunguzwa, hasa mishipa inayoziletea damu. Wiki ya sita presha ilikuwa 132/82. Viatu vinaingia.

Kama potasiamu ingekuwa chini tangu siku ya kwanza kabla ya dawa yoyote ya kukojoza, au kama ingeporomoka chini ya 3.0 kwa dozi ndogo tu, hadithi ingekuwa nyingine. Hapo pangekuwa na shaka kwamba tezi ya juu ya figo inatoa aldosteroni kupita kiasi, au kwamba milango ya chumvi kwenye figo iko wazi kupindukia. Hao ni wagonjwa ambao spironolaktoni au amiloridi huwafaa kuliko kidonge cha nne chochote. Hukosewa sana kwa sababu potasiamu haipimwi.

Kikohozi, na ndugu yake wa hatari

Kile kimeng'enya ambacho prili hukizuia kina kazi ya pili: huvunjavunja bradikinini, kemikali inayolegeza mishipa na kuwasha njia ya hewa. Kimeng'enya kikizuiwa bradikinini inalundikana, mgonjwa anakohoa. Kwa wachache mlundikano huo huleta jambo zito: midomo, ulimi au koo kuvimba ghafla. Kwa watu wenye asili ya Kiafrika hatari hiyo ni takriban mara tatu ya wengine. Ni nadra, lakini inaweza kuziba pumzi, na huweza kutokea miezi au hata miaka baada ya kuanza dawa, wakati hakuna anayekumbuka kuishuku. Haiwashi ngozi na haina vipele, na sindano zinazotumika kwa mzio huisaidia kidogo sana. Anayepatwa hupelekwa hospitali ili njia ya hewa ilindwe, na asipewe prili tena maisha yake yote.

Sartani hazigusi bradikinini kwa namna hiyo, ndiyo maana kikohozi huisha mtu akihamia huko na uvimbe wa koo huwa nadra zaidi. Bei zikikaribiana, ni vigumu kuona sababu ya kumpa prili mtu mwenye asili ya Kiafrika ilhali sartani ipo rafuni.

Pale asili haiamui

Tuseme mkojo wa mama huyu ungeonyesha protini alama mbili. Uamuzi ungegeuka siku hiyo hiyo, na asingeachwa miezi miwili bila dawa ya mfumo wa renini. Utafiti wa AASK ulifanywa Marekani kwa watu weusi 1,094 waliokuwa na presha na figo zilizoanza kuharibika. Kundi la amlodipini lilisimamishwa mapema, kwa sababu figo za waliopewa ramiprili, hasa wenye protini kwenye mkojo, zilikuwa zikihifadhika vizuri zaidi. Hapo prili haikutakiwa kushinda kwa kushusha presha. Ilishinda kwa kupunguza msukumo ndani ya vichujio vya figo, na faida hiyo haikujali rangi ya mtu.

Mwenye moyo ulioshindwa kusukuma damu naye anahitaji dawa ya mfumo huo hata kama presha yake ingeshuka vizuri kwa amlodipini tupu. Kumnyima kwa sababu "kwa Waafrika haifanyi kazi" ni kumdhuru kwa kutumia kanuni iliyotungwa kwa ajili ya swali lingine.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba mambo yanapinda upande wa pili. Prili na sartani zote mbili huharibu figo za mtoto tumboni. Kama binti wa mama huyu, mwenye miaka 27, angekutwa na presha kama ya mama yake, hata losartani iliyookoa miguu ya mama isingeandikwa bila kwanza kuzungumza naye kuhusu uzazi. Angebaki na amlodipini au nifedipini ya kuachia taratibu. Ile nifedipini ya haraka, ya kutoboa na kudondosha chini ya ulimi, haina kazi hapa kwa mtu yeyote: hushusha presha kwa kishindo, na ubongo uliozoea presha ya juu hukosa damu.

Namba za tafiti zote hizi ni wastani wa makundi. Mapitio ya tafiti za Marekani yaliyochapishwa mwaka 2004 yalikuta kwamba kati ya asilimia 80 na 95 ya weusi na weupe walikuwa na mwitikio unaofanana, ikitegemea kundi la dawa. Tofauti ya wastani ililetwa na wachache waliobaki pembeni. Ndiyo maana mtu ambaye tayari yuko kwenye enalaprili, hakohoi, na presha yake ni 128/78, haguswi. Kumhamisha kwa sababu ya asili yake ni kuharibu kitu kizima. Kipimo cha renini kingetuambia kwa kila mtu yuko upande gani, lakini zahanati nyingi haziwezi kukifanya, na Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba kukosekana kwa vipimo kusicheleweshe kuanza dawa. Asili inatumika kama kisio tu. Kisio hicho kinafaa kuchagua jozi ya kwanza, na nguvu yake inakwisha pale mwitikio wa mgonjwa mwenyewe unapoanza kuonekana.

Kwenye daftari la mama lishe, chini ya ule wino mwekundu, sasa pameandikwa kwa wino wa buluu: amlodipini 5, haidroklorothayazaidi 25, losartani 50, zote asubuhi. Asipewe prili: kikohozi. Asipewe diklofenaki. Mkanda mkubwa, mkono wa kushoto. Potasiamu na kreatinini baada ya miezi mitatu, na mapema zaidi akiharisha au kutapika, na siku hizo asimamishe losartani na haidroklorothayazaidi hadi arudi kula na kunywa kawaida.